Stika Ile ya Bima Inamlinda Nani? Hotuba kwa vijana wa delivari Arusha

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya waendesha pikipiki wa delivari na wamiliki wa pikipiki jijini Arusha. Tumeiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao saa ile walikuwa barabarani na oda za watu.)

Ndugu zangu waendesha pikipiki, viongozi wa vijiwe, na ninyi wamiliki mliokuja na kadi zenu mkononi, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha kazi asubuhi hii. Najua kila saa mnayokaa hapa ni oda zinazopita, kwa hiyo nitaenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Naanza na swali. Ukisimamishwa na trafiki pale Sanawari akakuuliza, "Bima ipo?", unajibu ipo. Sawa. Lakini bima hiyo inamlinda nani? Inakulinda wewe? Inailinda pikipiki? Inalinda chakula kilichomo kwenye boksi?

Wengi hapa mna bima ndogo, yaani bima ya mtu wa tatu. Hiyo ndiyo sheria inayolazimisha, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Chombo kisiingie barabarani bila bima ya kuwafidia watu wengine kitakaowaumiza au kuwaua. Sikilizeni neno hilo: watu wengine. Kampuni ya bima ni mtu wa kwanza, mwenye bima ni wa pili, na yule uliyemgonga ndiye wa tatu. Wewe uliyeshika usukani haumo. Mguu wako haumo. Pikipiki ikiibwa, haimo. Ikigongwa na kupinda chasisi kwa kosa lako, haimo. Boksi na oda ya mteja, havimo.

Sisemi bima ndogo haina kazi. Ina kazi kubwa sana, na nitaianza hiyo. Ila mtu akiwa na bima ndogo akadhani ana bima kubwa, siku ya tatizo anaumia mara mbili.

Ili tuelewane, tumchukue kijana mmoja wa mfano. Anapeleka chakula na vifurushi, anakaa Sakina, anaendesha Boksa ya cc 150. Pikipiki si yake bado, ni ya mkataba. Kila siku ya kazi anampa mwenye pikipiki shilingi 12,000, siku sita kwa wiki, kwa wiki 60. Akimaliza anakabidhiwa kadi. Wangapi hapa mko hivyo? Naona mikono. Basi huyu kijana ni mwenzenu, na tutakuwa naye mpaka mwisho.

Jambo la kwanza ni yule uliyemgonga.

Kijana wetu ametoka mjini na oda ya Njiro, mvua inanyesha, mama anavuka na ndoo kichwani, breki zinashika lakini tairi linateleza. Mama ameanguka, mguu umevunjika. Watu wamejaa. Hapo kijana afanye nini?

Kukimbia ni kosa la jinai lenyewe, na kunaharibu utetezi wako kwa kampuni ya bima. Simama. Hakikisha magari hayawapandi. Piga 112. Kama mama hawezi kusubiri, apelekwe hospitali, Mount Meru au iliyo karibu, na fomu ya PF3 ichukuliwe kituoni siku hiyohiyo. PF3 ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Mtu akitibiwa, akakaa nyumbani wiki tatu, halafu ndiyo aanze kutafuta PF3, kampuni itauliza: tutajuaje kama mguu huu ulivunjikia hapo?

Wakati unawasubiri polisi, toa simu upige picha. Piga pikipiki ilipoangukia kabla haijasogezwa, alama za tairi, barabara ilivyolowa, namba za magari yaliyokuwepo. Chukua majina na namba za simu za watu wawili walioona. Trafiki atachora ramani ya eneo, na mchoro ule utasomwa miezi kadhaa baadaye na mtu ambaye hajawahi kufika pale. Picha zako ndizo zitakazomsaidia kuona.

Sasa nafika mahali ambapo madai mengi hufia, na naomba mnisikilize vizuri sana. Ndugu wa mama wamefika. Wana hasira, na wana haki ya kuwa na hasira. Mzee mmoja anasema, "Tuyamalize hapahapa. Andika kwamba umekosa na utatoa milioni moja na nusu." Karatasi inaletwa, kalamu inaletwa. Kijana, kwa woga na kwa huruma, anasaini.

Usisaini! Karibu kila mkataba wa bima ya chombo cha moto una sharti kwamba usikiri kosa, usiahidi malipo, wala usipatane na mtu bila kibali cha kampuni. Ukisaini, kampuni inayo sababu ya kusema: deni hili umelitengeneza mwenyewe, lilipe mwenyewe. Na yule mama naye hafaidiki, kwa sababu milioni moja na nusu huna. Utatoa laki mbili, utaanza kukwepa simu, yeye atabaki na mguu wake na karatasi yake.

Je, usimsaidie? Msaidie! Kumbeba mpaka hospitali si kukiri kosa. Kulipia dawa za mwanzo si kukiri kosa, tunza risiti tu. Kwenda kumjulia hali na kumpa pole ni utu, na hakuna bima inayokataza utu. Kilichokatazwa ni kuweka maandishi ya nani amekosa na atalipa kiasi gani. Waambie ndugu zake kwa heshima: "Mzee wangu, pikipiki hii ina bima. Namba ya kavanoti ni hii, kampuni ni hii, naomba tuifuate njia hiyo ili mama apate haki yake yote." Na kweli uwape namba hiyo. Ni haki yao kuijua.

Kisha kampuni ijulishwe siku hiyohiyo, kwa simu na kwa maandishi. Mikataba mingi hutaja siku chache tu za kutoa taarifa, na mara nyingi aliyechelewa husema alikuwa anasubiri ripoti ya polisi. Usisubiri. Ripoti za polisi, ile ya awali, ya ukaguzi wa chombo na ya mwisho, zitafuata taratibu zake. Fungua dai kwanza, nyaraka zitakuja moja moja. Na ukiitwa mahakamani kwa kosa la barabarani, iambie kampuni kabla hujasimama kujibu. Wengi hukubali kosa haraka ili walipe faini warudi kazini, hawajui kwamba hukumu hiyo itakuja kutumika kama ushahidi kwenye dai la fidia.

Kuna mitego miwili kwenye jambo hili. Wa kwanza ni leseni. Daraja A1 ni kwa pikipiki ndogo, chini ya cc 125. Boksa ya 150 inataka daraja A. Vijana wengi wana A1 mfukoni na 150 chini yao, hawajawahi kuulizwa na mtu. Kampuni itauliza. Kwa baadhi ya makosa ya mwenye bima, sheria inaibana kampuni imlipe aliyeumia hata hivyo, lakini ikishamlipa inarudi kwako na kwa mwenye pikipiki kudai fedha yake. Na upande wa pikipiki yenyewe, kama ilikuwa na bima kubwa, hapo inakataa kabisa. Leo ukitoka hapa, geuza leseni yako, soma daraja, halafu soma cc kwenye kadi ya pikipiki. Vikipishana, usipande mpaka umerekebisha.

Wa pili ni abiria wa njiani. Umeshusha oda Njiro, unarudi mtupu, mtu anakupungia mkono, shilingi elfu mbili hiyo. Je, bima yako imeandikwa kubeba abiria wa kulipa? Kama imeandikwa mizigo tu, au matumizi binafsi tu, yule uliyempakia hana kinga. Akianguka akavunja nyonga, dai lake linakuja kwenye mfuko wako. Mwenye kufanya kazi zote mbili aseme hivyo wakati wa kukata bima. Bei inaongezeka kidogo, na hiyo tofauti ya bei ndiyo kinga yenyewe.

Hapo nimegusa neno matumizi, na sitaki lipite. Kwenye fomu ya bima kuna swali: chombo kinatumika kwa nini? Mwenye pikipiki anataka bei ndogo, anaandika binafsi. Au wakala anamwandikia haraka na yeye hasomi. Siku ya ajali, boksi la delivari linaonekana kwenye picha ya trafiki, oda iko ndani, risiti ina saa na dakika. Mtapinga nini? Wamiliki, nawaomba mwandike biashara, na mtaje kabisa kwamba ni kusambaza chakula na vifurushi.

Jambo la pili ni wizi, na hapa nitakaa zaidi, maana kwa mtu wa mkataba wizi ndio unaoumiza kuliko vyote.

Nimeshasema bima ndogo haina wizi. Zipo hatua mbili juu yake. Ya kati ni bima ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi. Ya juu ni bima kubwa, inayobeba pia uharibifu wa pikipiki yako kwenye ajali. Kwa mtu wa delivari ambaye bajeti haifiki bima kubwa, mimi nashauri aulizie ile ya kati. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize kwa jina. Kwa pikipiki mpya au iliyobakiza deni kubwa, nashauri bima kubwa.

Lakini nini huitwa wizi? Kijana wetu amefika ghorofani kwenye nyumba za kupanga, amesimamisha pikipiki getini, ameacha ufunguo na injini inaunguruma kwa sababu ni dakika mbili tu. Anashuka, pikipiki haipo. Imeibwa? Imeibwa. Italipwa? Hapo pana kazi. Mkataba unamtaka mwenye bima achukue tahadhari ya kawaida, na ufunguo ulioachwa kwenye swichi ni jambo la kwanza ambalo mkaguzi analitafuta. Atakuomba funguo zote mbili zilizokuja na pikipiki. Zote mbili! Ukileta moja, ueleze ya pili iko wapi. Ndiyo maana nawaambia wamiliki: ufunguo wa akiba ukae nyumbani, usifungwe kwenye mnyororo uleule na wa kwanza. Na ninyi vijana, ufunguo unatoka kila mara, usukani unafungwa kila mara, kufuli la diski linawekwa kila mara, hata kama ni kikombe cha supu unapeleka.

Kisa kingine. Kijana wetu ameugua malaria, anampa deiwaka pikipiki siku mbili. Deiwaka anaondoka nayo, simu imezimwa. Huu nao ni wizi mitaani, lakini kwenye mkataba mwingi wa bima siyo. Mtu uliyemkabidhi chombo kwa hiari yako akakitoroka nacho, kampuni inasema ni kuvunja uaminifu, na kipengele cha wizi hakibebi hilo. Hata mwenye pikipiki akimkabidhi dereva wa mkataba na dereva akatoweka, jibu huwa ni hilohilo. Deiwaka awe mtu ambaye mwenye pikipiki anamjua, mwenye leseni ya daraja linalotakiwa, na jina lake liandikwe mahali.

Tofauti na hao ni wale wanaokupigia oda ya uongo usiku, unafika mahali pa giza wanakuvamia. Huo ni unyang'anyi, na kwa kawaida kipengele cha wizi kinaubeba. Usipigane nao. Ukishakuwa salama nenda kituo cha polisi kilicho karibu, eleza kwa ukamilifu kwamba umenyang'anywa kwa nguvu, uondoke na namba ya RB. Kama umeumizwa chukua na PF3. Namba iliyokupigia oda usiifute kwenye simu. Kisha mwenye bima aijulishe kampuni siku ileile.

Kampuni itataka kadi halisi ya pikipiki, funguo, nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha, taarifa ya polisi, na namba za chasisi na injini. Nendeni leo mkapige picha namba hizo mbili, moja iko kwenye shingo ya fremu, nyingine kwenye injini. Futa vumbi kwanza, zisomeke. Baada ya hapo ni kusubiri, kwa sababu polisi wanapewa muda wa kuitafuta kabla ya kutoa ripoti ya mwisho. Ni wiki, wakati mwingine miezi. Na ukishalipwa, pikipiki ikipatikana baadaye ni mali ya kampuni.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wa mkataba wanapolia.

Bei ya mkataba ni shilingi 72,000 kwa wiki mara wiki 60, yaani 4,320,000. Kijana wetu amelipa wiki 40 bila kukosa, jumla 2,880,000. Amebakiza wiki 20, sawa na 1,440,000. Pikipiki ina bima kubwa, imeandikwa jina la mwenye kadi. Inaibwa.

Kampuni inalipa kiasi gani? Hailipi 4,320,000, hiyo ni bei ya mkataba wenu. Hailipi bei mliyonunulia dukani. Inalipa thamani ya soko siku ya wizi, isizidi kiasi kilichoandikwa kwenye bima. Tuseme sokoni pikipiki ya umri ule ni 2,600,000. Kama mwenyewe aliikatia bima ya 3,500,000, atalipwa kwa msingi wa 2,600,000. Ile ziada aliilipia bure. Kama aliikatia ya 2,000,000 ili apunguze ada, atapata 2,000,000 na si zaidi. Na mahali ambapo mkataba una kipengele cha wastani, hata ajali ndogo inapunguzwa: matengenezo ya 520,000 yanalipwa 400,000, kwa sababu ulikatia milioni mbili kati ya mbili na laki sita. Kila mwaka mnapokata upya, ulizeni sokoni kwanza, mwandike bei ya kweli.

Tuseme iliandikwa sawasawa, 2,600,000. Bado kuna eksesi, sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anaibeba. Tuseme mkataba huu unasema asilimia 10 kwa wizi. Toa 260,000, inabaki 2,340,000. Hundi inaandikwa kwa nani? Kwa mwenye bima. Kwa mwenye kadi.

Na kijana aliyelipa 2,880,000? Kama mkataba wao haukusema chochote, hana anachopata. Mwenye pikipiki ana zile wiki 40, ana na fedha ya bima. Sijamwita mwizi. Inawezekana yeye mwenyewe anaamini fedha ile ni yake yote, kwa sababu jina ni lake na karatasi haikusema vingine.

Karatasi iseme! Andikeni kwenye mkataba sentensi moja: pikipiki ikiibwa au ikiharibika kabisa, malipo ya bima yatalipa kwanza deni lililobaki, na kinachozidi ni cha mwendeshaji. Kwa hesabu yetu, mwenye pikipiki anachukua 1,440,000 yake, na 900,000 inarudi kwa kijana. Hakuna aliyedhulumiwa, na kijana ana mahali pa kuanzia. Sainini mbele ya wakili au ofisi ya serikali ya mtaa, pawepo shahidi wa kila upande. Kisha mwenye pikipiki aipelekee kampuni nakala, aombe maslahi ya mwendeshaji yaandikwe kwenye bima. Kama pikipiki imetoka kwa mkopo wa benki au taasisi, jueni kwamba mkopeshaji ndiye anayelipwa kwanza, kwa hiyo mwombe taarifa ya deni lililobaki kabla hujasaini mkataba wowote.

Na tuulizane: nani analipa ada ya bima kwenye mkataba wenu? Wengine mwenye pikipiki hulipa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili kila mtu anadhani ni mwenzake. Wiki 60 ni zaidi ya mwaka mmoja! Bima itaisha mkataba haujaisha. Na hakuna bima ya ahadi. Kinga inaanza ada inapolipwa, na si wakala anapokwambia nenda tu nitaiingiza kesho. Andikeni kwenye mkataba: ada ya mwaka wa pili ni ya fulani, italipwa kabla ya tarehe fulani.

Jambo la tatu, kichwa chako.

Helmeti na bima vinakutana wapi? Kwanza, sheria ya usalama barabarani inakutaka uivae wewe na unayempakia. Pili, mpaka sasa nimewaeleza bima ya mtu mwingine na bima ya pikipiki, wewe mwenyewe bado hujaguswa na kinga yoyote. Kijana wetu akiteleza peke yake kwenye kona ya Kijenge, akapasuka taya, bima ndogo haimlipi, na bima kubwa inatengeneza pikipiki.

Kinachomlinda yeye ni bima ya ajali binafsi. Hii ndiyo inayolipa kiasi mlichokubaliana mtu akifa au akipata ulemavu wa kudumu, na ikiwekwa sehemu ya matibabu inarudisha gharama za hospitali mpaka kikomo fulani. Lakini sikilizeni: mikataba mingi ya ajali binafsi ya kawaida huwatoa waendesha pikipiki! Imeandikwa ndani kwenye orodha ya visivyolipwa. Kijana analipa ada miaka miwili, siku ya ajali anaonyeshwa mstari ule. Kabla hujalipa, mwambie wakala, "Mimi naendesha pikipiki kila siku, kwa kazi. Nionyeshe palipoandikwa kwamba ninalipwa." Asikwambie kwa mdomo. Akuonyeshe. Na uangalie masharti yaliyobaki: mara nyingi kuna ulevi, kuna leseni, na kuna helmeti. Ukiumia kichwa bila helmeti mahali ambapo mkataba unaitaka, umeipa kampuni sababu ya kukataa.

Walioajiriwa na duka, mgahawa au kampuni ya vifurushi, wenye mshahara, ninyi mna njia nyingine. Mwajiri wako anatakiwa awe amesajiliwa na kuchangia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni wake, haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia ukiwa kazini, mfuko huo unahusika na matibabu na fidia. Muulize mwajiri leo, ukiwa mzima. Ambaye anajitegemea na kulipwa kwa kila oda hayumo humo, kwa hiyo bima ya ajali binafsi ndiyo yake.

Tuishike helmeti yenyewe. Watu wanaangalia rangi na kioo. Mimi nataka uigeuze, uangalie ndani. Vuta kitambaa pembeni. Chini yake pawe na povu jeupe au jeusi, gumu, lililogandamana, ukilibonyeza kwa kidole gumba linakataa. Hilo ndilo linalookoa ubongo, kwa sababu kichwa kinapopiga lami povu linabonyea na kumeza ule mshtuko. Nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupwa zina sifongo laini tu ndani ya ganda la plastiki, kama trei ya mayai iliyotiwa pamba. Angalia pia nyuma au kwenye mkanda: alama ya herufi E ndani ya duara yenye namba pembeni yake inaonyesha imepimwa kwa kiwango cha Ulaya, namba 22.05 au 22.06. Alama hiyo hughushiwa, kwa hiyo povu na mkanda uviangalie hata ukiiona.

Vaa, funga mkanda, vidole viwili vipite kati ya mkanda na kidevu, visizidi. Halafu shika ukingo wa nyuma, juu ya shingo, sukuma helmeti mbele. Ikivuka paji la uso na kutoka, hiyo itakutoka barabarani kabla hujafika chini. Jaribuni sasa hivi, hapo mlipo. Haya, naona nyingine zimetoka. Hizo ni kubwa, au mkanda umelegea. Helmeti inayovaliwa bila kufungwa ni mzigo wa kichwani tu.

Povu likishabonyea halirudi. Helmeti iliyopiga lami na kichwa kikiwa ndani imemaliza kazi yake hata kama ganda halina mkwaruzo, usiinunue mtumba wala usimwachie deiwaka. Usiiweke juu ya tangi la mafuta au karibu na bomba la moshi. Petroli na joto vinalila povu polepole na kwa nje huoni kitu. Na mkipaka rangi ya kupuliza ya nembo ya kampuni, thina yake inadhoofisha ganda la plastiki. Tumieni stika ya karatasi.

Kwa wanaopakia watu: abiria asiye na helmeti akiumia kichwa, mahakama inaweza kumpunguzia fidia kwa sehemu aliyochangia mwenyewe. Utakuwa umemkosesha haki yake kwa kukosa helmeti ya pili.

Mwisho, dai likikwama. Kampuni ikikataa, iombe sababu kwa barua, yenye kutaja kipengele cha mkataba. Simu haitoshi. Lipeleke dai kwanza kwenye dawati la malalamiko la kampuni yenyewe. Usiporidhika, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na kavanoti, risiti ya ada, RB au ripoti za polisi, na ile barua ya kukataliwa. Ndiyo maana nasema barua, maana bila hiyo unaanza kubishana kama ulikataliwa au bado.

Sasa toeni simu. Fungueni tiramis.tira.go.tz, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, muingize namba ya usajili ya pikipiki, ile inayoanza na MC. Someni kampuni, aina ya bima na tarehe ya mwisho. Ambaye pikipiki yake haionekani, aliuziwa karatasi tu na asiendeshe mpaka amelishughulikia. Wenye mikataba ya wiki pitieni meza ya kushoto, kuna mfano wa ile sentensi ya malipo ya bima. Wenye A1 na pikipiki ya 150 njooni mbele, tuanze na nyie.